Pale Mawimbi Yasipovunjika

Kaka yangu anawaambia watu wa Titye kwamba nilisimama ufukweni nikimtazama akizama. Ni kweli nilisimama. Mengine yote anayoyasema juu ya siku ile si kweli, lakini hilo moja ni kweli, na kwa sababu ya hilo nimeona niandike jinsi ilivyokuwa.

Sisi ni Waha wa Titye, wilaya ya Kasulu, watu wa muhogo na maharage. Maji tuliyoyajua ni ya mto. Kaka ni mkubwa kwangu kwa miaka saba na ni mwalimu wa shule ya msingi. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyekaa kwenye kiti chake, na hakuna aliyemuuliza kama kinamtosha. Nilipoolewa na mfanyabiashara Mwislamu wa Kibondo, mwenye duka la vitambaa na ndugu zake huko pwani, kaka alikataa kuja kwenye harusi. Mume wangu aliponihamishia Dar es Salaam kwa dada yake, kaka alisema nimeuzwa. Miaka miwili baadaye nikapewa talaka, nami sikurudi nyumbani. Hapo akaacha kabisa kulitaja jina langu. Mama alikuwa akinipigia simu kwa kujificha, amesimama nyuma ya jiko, anaongea kwa sauti ya chini kama mwizi.

Nilipata kazi ya kufua mashuka katika hoteli moja ya ufukweni, ng'ambo ya kivuko, kusini mwa jiji. Ufukwe ule ni mzuri kwa macho. Mchanga mweupe, minazi, na kwa sehemu kubwa ya pwani miamba ya matumbawe iko mbali na inayapunguza nguvu mawimbi kabla hayajafika. Lakini mbele ya hoteli yetu miamba imekatika, na mawimbi ya bahari kuu yanaingia moja kwa moja. Mwaka wangu wa kwanza wa kufua nilimwona mgeni mmoja akitolewa kwenye maji, kijana mwenye afya, aliyekuwa amecheza mpira mchangani saa moja kabla. Shuka walilomfunikia nilikuwa nimelipiga pasi asubuhi ile.

Baada ya hapo hoteli ikaleta mama mmoja kutoka Unguja kuja kufundisha waokoaji. Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye umri wa kama miaka hamsini, na ulimi wake ulikata kuliko wembe. Aliomba watu sita. Wanaume watano wakajitokeza, na nafasi ya sita ikakosa mtu. Nikaweka beseni chini.

"Wewe unatoka wapi?" akaniuliza.

"Kasulu, mama. Kigoma."

"Unajua kuogelea?"

"Sijui."

Wanaume wakacheka. Yeye hakucheka. "Afadhali," akasema. "Hawa watano wanajua vibaya, itabidi niwasahaulishe kwanza."

Alinifundisha kuogelea kwenye bwawa la hoteli alfajiri, kabla wageni hawajaamka, kwa miezi minne. Hakuwahi kunisifu. Nilipomeza maji alisema, "Kunywa, mtu wa bara, bahari haina bili." Siku niliyoweza kwenda na kurudi mara ishirini bila kugusa ukuta, aliangalia saa tu akasema nimechelewa kumaliza.

Kisha akanipeleka baharini, lakini hakuniingiza majini. Alinikalisha juu ya kilima kidogo cha mchanga, mahali palipoinuka, akaniambia nitazame kwa dakika kumi bila kusema neno. Zilipokwisha akauliza, "Ukiambiwa uoge, utaingia wapi?"

Mbele yetu mawimbi yalikuwa yakivunjika kwa mstari mrefu mweupe, kelele tupu. Lakini mahali pamoja, upana wa kama hatua ishirini, hayakuvunjika. Maji pale yalikuwa yametulia, rangi yake imeiva, kijani kilichokolea karibu na buluu. Nilinyoosha kidole pale.

"Umekwisha kufa," akasema. "Kila mtu anachagua pale. Sikiliza. Wimbi linavunjika kwa sababu chini kuna fungu la mchanga, maji ni haba. Maji yote yale yanayorushwa ufukweni, yatarudi kwa njia gani? Hayawezi kukaa huku juu. Yanatafuta mahali fungu limekatika, yanakusanyika, yanatoka kwa pamoja. Ndiyo pale. Ni peusi kwa sababu ni kina. Pametulia kwa sababu mawimbi hayana cha kukwaa. Huo ndio mkondo. Ni mto unaokwenda baharini."

Akachukua kumbi la nazi akalitupa ukingoni. Mawimbi yalilirudisha mara mbili, yakalisukuma pembeni, mpaka likafika usawa wa maji yale meusi. Hapo likageuka. Likaondoka kwenda baharini bila haraka, kama mtu aliyeitwa, likapita mstari wa mawimbi, likawa nukta.

Akanionyesha na mengine. Povu linalokwenda nje badala ya kuja. Mwani na mchanga vinavyoyapa maji rangi ya chai na kuchora ulimi kuelekea baharini. Uso wa maji unaotetemeka vijiwimbi vidogo visivyo na mpango wakati pembeni yake mawimbi yamepangika. Mahali ufukwe wenyewe umebonyea kama kipande kilichomegwa. Akasema si lazima uone dalili zote, siku nyingine utaona moja tu, na siku nyingine hutaona hata moja na mkondo upo. Ukiona huna hakika, huingii. Akasema pia mkondo unaongeza nguvu maji yanapokupwa, hasa siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, na wakati wa upepo wa kusi mawimbi yanapokuwa makubwa. Wala haukai mahali pamoja milele, maana mchanga unahama. Kwa hiyo kila asubuhi nianze upya, nisiiamini jana.

Wiki iliyofuata aliniingiza ndani ya mkondo kwa makusudi, mimi na yeye, kila mmoja na boya lake. Nilidhani nitavutwa chini. Sikuvutwa chini. Hilo ndilo lililonishangaza kuliko yote. Ulinichukua juu juu, kichwa kikiwa nje, na hadi leo usiku ndotoni nauona ufukwe ukijitenga nami, minazi ikipungua. Nikageuka nikaanza kuogelea kuelekea nchi kavu kwa nguvu zangu zote.

"Ogelea!" akanipigia kelele kwa dhihaka. "Ogelea, shujaa! Tazama ule mnazi. Unausogelea?"

Sikuusogelea. Nilikuwa napiga maji na mnazi ulikuwa unaondoka. Mikono ikaanza kuwa mizito.

"Sasa hivyo ndivyo wanavyokufa," akasema akiwa ameelea kando yangu. "Mkondo hauui mtu. Anajiua kwa kushindana nao. Acha. Lala chali. Pumua. Umepumua? Haya, sasa utazame upana wake. Ni mwembamba. Usiende nchi kavu, nenda ubavuni, sambamba na ufukwe, kule mawimbi yanakovunjika. Ukilikuta povu jeupe umetoka, na mawimbi yenyewe yatakusukuma nyumbani. Ukishindwa kwenda ubavuni, elea tu uinue mkono uite. Nje ya mawimbi huko mkondo unakufa wenyewe, hauendi Bara Hindi."

Tukaenda ubavuni. Ilikuwa kama alivyosema.

Nimekuwa mwokoaji kwa miaka sita sasa. Katika hiyo sita hakuna aliyenipenda kazini. Wavulana wa ufukweni waliniita Mama Milima, kwa kuwa nilitoka bara. Meneja alizichukia bendera zangu nyekundu. "Dada, unafukuza wateja," alisema kila Jumamosi. Alitaka niziweke mbali na baa kwa sababu ziliharibu picha za wageni. Nilizichomeka pale mkondo ulipokuwa, na mkondo mara nyingi ulikuwa mbele ya baa. Siku nyingine nilikuta ameziondoa, nikazirudisha, akaziondoa, nikazirudisha. Tuliishi hivyo.

Kaka alikuja Jumamosi moja mwezi wa saba, kwenye kipindi cha kusi, siku ya bamvua, maji yakiwa yameanza kupwa.

Nililiona basi la kukodi likiingia kwenye maegesho, nikaona watu wanashuka, na kabla sijaona sura ya mtu nilisikia lafudhi. Walimu wa Kasulu, kama thelathini. Walikuwa wamekuja Dar kwa mkutano wao, na siku ya mwisho wakachanga wakaone bahari. Mwili wangu wote ulifurahi. Nikawaendea mbio, nikapiga makofi na kuinama kama tunavyosalimiana nyumbani. "Mwakeye!" nikasema, na akina mama wawili watatu wakaitikia kwa kicheko, wakashangaa kumkuta Muha na filimbi shingoni.

Kisha nikamwona yeye akishuka, na nyuma yake mkewe, wifi yangu.

Alinitazama kuanzia miguuni. Nilikuwa nimevaa kaptula nyekundu na fulana ya waokoaji. Nywele zimekatwa.

"Shikamoo, kaka," nikasema.

Hakuitikia. Alimgeukia mkewe akasema kwa sauti ambayo basi zima lingesikia, "Umeona? Ndiyo kazi aliyoikimbilia. Anatembea uchi kwa watu."

Akina mama waliokuwa wakicheka wakajifanya wanatafuta mikoba yao. Wifi alitazama chini. Lakini nilikuwa kazini, na walimu thelathini wasiojua bahari walikuwa wakivua viatu.

Nikapuliza filimbi, nikaongea nao wote. Niliwaonyesha bendera. Nikawaambia waoge upande wa kaskazini tu, kati ya bendera zenye rangi mbili, njano na nyekundu, maji yasizidi kiuno. Nikawaonyesha mahali penye bendera nyekundu tupu, pale mawimbi yalipokuwa hayavunjiki, nikaeleza kwa nini pametulia. Wengi walisikiliza. Mmoja aliuliza swali zuri, kama mkondo unaweza kuonekana ukiwa ndani ya maji, nikamjibu kwamba ni vigumu, ndiyo maana unatazamwa kabla ya kuingia.

Kaka alingoja nimalize. Kisha akaongea, kwa ile sauti yake ya darasani.

"Walimu, huyu ni mdogo wangu. Mimi ndiye niliyemfundisha kuvuka mto. Alikuwa analia, nambeba mgongoni. Leo ananifundisha mimi maji." Akacheka, na wawili wakacheka naye kwa adabu. "Kila mtu aliyekulia mtoni anajua. Maji yenye kelele ndiyo yanayopiga mtu. Unavukia palipotulia."

"Kaka, huu si mto," nikasema. "Mto ukikuchukua utakuteremsha, utakutana na ukingo. Huu hauna ukingo mbele. Ukikuchukua unakupeleka nje."

"Usibishane na mimi mbele za watu."

"Sibishani. Naomba tu usiingie pale."

Meneja alikuwa amefika, ameshika simu yake, anatabasamu kwa wageni. "Dada, usisumbue wageni," akasema. "Watu wazima hawa, ni walimu. Karibuni sana, chakula kipo, soda zipo."

Kaka akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Akavua shati, akalikunja vizuri, akampa mkewe. Alikuwa na kifua cha baba. Akaipita bendera nyekundu kwa hatua moja, kama unavyopita kamba ya nguo uani, akaingia majini.

Maji yakamfika magotini, kisha mapajani. Mawimbi yalikuwa yakiunguruma kulia na kushoto kwake, pale alipokuwa pametulia kabisa. Akageuka akanyanyua mikono. "Oneni!" akaita. "Hata mtoto anaoga hapa!" Mwalimu mmoja wa kiume akaanza kumfuata. Nikapuliza filimbi kwa nguvu mpaka akarudi nyuma. Kaka naye akapiga hatua moja zaidi kuonyesha kwamba filimbi haimhusu.

Niliona mchanga ukimtoka chini ya miguu. Uso wake ulibadilika kidogo tu. Aliegemea mbele kama mtu anayepanda mlima, akataka kurudi, maji yakiwa kiunoni yakimvuta mapaja. Wimbi dogo likamnyanyua, na liliposhuka hakukuwa tena na ardhi. Akaanza kuogelea kuja ufukweni. Anaogelea vizuri kaka, mikono mirefu, kichwa juu, kama tulivyoogelea mtoni. Alikuwa anaogelea kuja na huku anakwenda.

Hapo ndipo niliposimama.

Nilifundishwa kusimama. Mwokoaji anayekimbilia majini kwa pupa anakuwa maiti ya pili. Unachukua boya, unavaa mapezi ya miguuni au unayashika mkononi, unatazama mkondo unaanzia wapi na unaishia wapi, unakwenda ubavu gani. Nililichukua boya. Nilitazama. Kusi lilikuwa likisukuma maji kwenda kaskazini, kwa hiyo tungetokea kaskazini, kwenye fungu. Hayo yote niliyafanya kwa haraka. Lakini sitadanganya. Kulikuwa na pumzi mbili tatu baada ya hayo, boya likiwa tayari begani na mapezi mkononi, ambapo nilikuwa nimeshaona kila nilichohitaji kuona na bado sijakwenda. Nilikuwa namtazama yule mtu aliyeniita uchi akipiga maji, na moyoni mwangu kulikuwa na baridi. Sijui jina la baridi ile. Nilitaka aone. Nilitaka angalau dakika moja ajue kwamba nilikuwa nimesema kweli.

Wifi ndiye aliyeniamsha. Alipiga yowe akakimbilia majini na gauni lake, kuelekea palepale. Nilimdaka mkono, akajinasua, nikamsukuma kwa boya mpaka akaanguka mchangani. "Kaa hapo!" nikamfokea kama mbwa. "Ukiingia nitaokoa mmoja tu!" Kisha nikaingia kwenye mkondo wenyewe, maana ndiyo njia ya haraka ya kumfikia mtu, unaupanda kama gari.

Nilimfikia amepita mstari wa mawimbi. Alikuwa wima majini sasa, mdomo unaingia na kutoka, macho makubwa, haiti tena. Mtu anayezama hapigi kelele, hana hewa ya kupigia. Nilimsukumia boya, nikabaki mbali kidogo, nikasema, "Shika hili. Usinishike mimi."

Alilikumbatia. Akatapika maji. Alipopata pumzi, neno lake la kwanza lilikuwa, "Twende!" akielekeza ufukweni kwa kidevu, na akaanza kupiga miguu kuelekea kule.

"Acha. Huko haturudi."

"Pwani ile pale! Unanipeleka wapi?"

"Tunakwenda ubavuni. Kule kwenye povu."

"Huko kuna mawimbi! Unataka kuniua?"

"Acha kupiga miguu, kaka."

"Unataka kuniua! Siku zote umetaka!"

Alipiga tena miguu, na kamba ya boya ikanivuta naye. Tulikuwa watu wawili wa Titye katikati ya bahari tunagombana kama tuko uani. Nikaona sitaweza kumvuta mtu mzito anayevuta upande mwingine. Nikamwambia jambo ambalo katika maisha yangu sikuwahi kumwambia.

"Nyamaza! Hapa mimi ndiye mkubwa. Tazama ile baa. Ulikuwa unaiona milango, sasa unaiona milango? Umeogelea kwa nguvu zako zote na umerudi nyuma. Endelea kushindana, nitakuachia boya na kwenda zangu."

Nisingemwachia. Yeye hakujua hilo, na mimi nilihakikisha hajui.

Akanitazama. Midomo ilikuwa imepauka. Akaacha kupiga miguu.

"Lala chali. Kifua juu, masikio majini. Boya kifuani. Pumua."

Alipumua. Tukachukuliwa nje zaidi, na nilihisi mwili wake ukikakamaa kila ufukwe ulipozidi kupungua, lakini hakupigana. Kisha mvuto ukalegea, kama mtu aliyechoka kushika. Nikaanza kumvuta kaskazini, sambamba na ufukwe, taratibu. Mapezi yalifanya kazi, kusi likasaidia. Kama hatua arobaini hivi, maji yakaanza kubadilika, yakawa meupe, na wimbi la kwanza likatupiga migongoni. Kaka alipiga yowe. Nikamwambia ajikunje, ashike boya, aliache wimbi lituchukue. La pili likatusogeza mbali kuliko alivyoogelea yeye kwa nguvu zote. La tatu likatubwaga, na miguu yangu ikagusa mchanga.

Walimu walituvuta nje. Kaka alipiga magoti akatapika, akakohoa sana. Nikamlaza ubavu, nikaweka mkono mgongoni nisikie anavyopumua. Akausukuma mkono.

"Ulisimama," akasema. Sauti yake ilikuwa ya mchanga. "Nilikuona. Ulisimama unanitazama."

Wifi akaja akanipiga kofi la shavu la kushoto. Kwa kumwangusha, kwa kumfokea, kwa pumzi zile tatu, sijui ni kwa lipi. Pengine kwa yote. Meneja alikuwa pembeni ananiuliza kwa nini sikumzuia mgeni kwa lugha ya heshima, na akataka maelezo kwa maandishi kabla ya saa kumi.

Nilisema jambo moja tu: mtu aliyemeza maji hivi apelekwe hospitali leo, hata kama anajiona mzima, kwa sababu mapafu yanaweza kuharibika saa kadhaa baadaye. Kaka akasema haendi popote ninapomtuma mimi. Wale akina mama walioitikia mwakeye yangu wakamwingiza kwenye gari la hoteli kwa nguvu, wakinipita bila kunitazama. Alilazwa mpaka kesho yake, akaruhusiwa, akarudi Kasulu.

Mwisho wa mwaka nilichukua likizo nikaenda nyumbani. Kutoka Kasulu mjini nilipanda bodaboda, na dereva, nisiyemfahamu, aliponiuliza ninakwenda kwa nani na nikamwambia, akageuza kichwa akanitazama vizuri. Habari ilikuwa imeshafika mpaka kwa bodaboda.

Mama alikuwa uani anamenya muhogo. Tulisalimiana kwa muda mrefu, akanishika uso. Kisha akarudi kwenye muhogo wake. Nikachukua kisu cha pili nikakaa.

"Ni kweli ulisimama?" akauliza.

"Nilisimama."

"Kazi inataka hivyo?"

"Inataka. Lazima utazame kwanza."

Akamenya mmoja, akautupa kwenye beseni. "Yote ilikuwa ya kazi?"

Nilimenya muhogo wangu mpaka mwisho kabla ya kujibu. "Hapana, mama. Si yote."

Hakuinua macho. "Hilo usimwambie," akasema. "Na mimi hujaniambia."

Jioni kaka alipita njiani na baiskeli, akanikuta getini. Hakushuka. Siku nne nilizokaa hakuingia kwa mama. Wifi alileta maharage, akayaweka mlangoni, akasema, "Shavu lilipona?" Nikasema lilipona. Akasema, "Basi," akaondoka. Sijui mpaka leo kama lilikuwa ombi la msamaha au alikuwa anapima kama anidunde lingine.

Nilirudi kwenye bendera zangu. Meneja alikuwa ameajiri mwanamume kuwa mkuu wa waokoaji, mtu aliyekuwa na miezi mitatu kazini, na niliambiwa niripoti kwake.

Mwezi wa tano uliofuata simu iliita mchana, nikiwa kwenye kiti cha juu natazama maji. Namba sikuijua. Hakukuwa na salamu.

"Shule inapeleka watoto wa darasa la saba ziwani Kigoma," sauti ya kaka ikasema. "Walimu wanne, mimi ndiye kiongozi wa msafara. Ziwa nalo linafanya hayo mambo?"

"Upepo ukivuma na mawimbi yakiwa makubwa, linafanya. Hasa kwenye ufukwe wa mchanga, na kando ya gati au miamba iliyoingia majini. Hapo maji yanapinda yanatoka nje."

"Ngoja. Naandika."

Nikasikia karatasi. Nikamwambia awatazamishe watoto maji kwanza kabla ya kuvua viatu. Nikamwambia habari ya pengo kwenye mstari wa mawimbi, rangi nzito, povu linalokwenda nje. Nikamwambia kama kuna mawimbi makubwa, wasiingie kabisa, wacheze mchangani. Awe na vitu vinavyoelea ufukweni, madumu matupu yaliyofungwa vizuri na kamba, na mtoto akichukuliwa mtu yeyote asirukie nyuma yake mikono mitupu. Amrushie dumu, aite wenye mitumbwi.

"Na mtoto mwenyewe afanye nini?" akauliza.

"Unajua afanye nini."

"Nimekuuliza wewe. Sema taratibu."

Nikasema taratibu. Asishindane nayo. Aelee, apumue, ainue mkono. Kama ana nguvu aende ubavuni, kuelekea mawimbi yanapovunjika, si kuja moja kwa moja.

"Hilo la kwenda kwenye mawimbi hawatalikubali," akasema kwa ukali. "Mtoto hawezi kukubali. Linaonekana la kijinga."

"Najua. Wewe ulikubali?"

Nikasikia kengele ya shule nyuma yake, na watoto.

"Nitawaambia mwalimu mmoja aliyakataa maneno haya akachukuliwa," akasema. "Sitawaambia ni nani."

"Sawa."

"Na sijasahau kwamba ulisimama."

"Najua, kaka. Nami sijasahau ulivyoniita."

Akakata simu. Wiki mbili baadaye mama alinipigia, safari hii hakuwa nyuma ya jiko, akaniambia watoto walikwenda ziwani, walikuta upepo mkali, na kaka aliwakataza wote kuingia majini. Wazazi wawili walimlalamikia kwamba amewanyima watoto raha waliyoilipia na kuisafiria mbali. Aliwajibu vibaya sana, alisema mama, kwa yale maneno yake. Nilimwuliza kama kaka ameniulizia.

"Hapana," akasema mama.